Mzigo Umechelewa: Ujumbe wa Kuomba Radhi kwa Mteja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza

Ujumbe wa kuomba radhi kwa mzigo uliochelewa ni maandishi mafupi ambayo mwenye duka humtumia mteja aliyeweka oda, mara nyingi akiwa ameshatoa kianzio, pale inapojulikana kwamba bidhaa haitafika siku iliyoahidiwa. Husomwa kwenye simu, kwa haraka, na mtu ambaye tayari amepanga mambo yake kwa kuitegemea ile siku. Mtu huyo hasomi ili aburudike na lugha nzuri. Anatafuta siku mpya, na anatafuta kujua hali ya pesa yake. Radhi inaombwa vizuri pale inapotangulia majibu hayo mawili au kufuatana nayo. Ikiwa peke yake, hata iwe na unyenyekevu kiasi gani, inamwacha mteja akiwa na simu mkononi na swali lilelile.

Wakati wa kuutuma una uzito kuliko maneno yake. Kama jiko liliahidiwa Jumatano na wakala wa forodha amesema Jumatatu kwamba halitatoka bandarini, ujumbe unatakiwa uondoke Jumatatu hiyohiyo. Mteja aliyeambiwa mapema anaweza kumwahirisha fundi wa gesi, kutafuta gari siku nyingine, au kuazima jiko kwa jirani. Mteja aliyeambiwa Alhamisi, baada ya kupanda bodaboda hadi dukani na kurudi mikono mitupu, anapokea maneno yaleyale kama kisingizio. Wenye maduka wengi husubiri wakitumaini kwamba mzigo utatoka dakika ya mwisho. Mara chache hutoka, na siku nyingine zote kusubiri huko ndiko kunakoharibu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi nzima. Kuna duka mjini Arusha linalouza majiko ya gesi yenye oveni. Wateja wake wengi ni wenyeji, lakini Arusha ni mji wa utalii na ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wapo pia wageni waliohamia kikazi na wenye hoteli ambao hawasomi Kiswahili. Majiko yamekuja kwa kontena, yameshushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na wateja wameahidiwa kuyachukua Jumatano tarehe 18 Juni. Jumatatu tarehe 16 wakala anapiga simu: ukaguzi haujaisha, na kontena linatarajiwa kuachiwa Ijumaa.

Ujumbe ambao huandikwa mara nyingi katika hali hiyo huwa hivi:

```
Ndugu mteja, tunapenda kukujulisha kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu mzigo wako umechelewa kidogo. Tunaomba uvumilivu wako. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza. Endelea kutuamini.
```

Hakuna kosa la sarufi hapo, na adabu ipo. Bado ujumbe huu hausemi kitu. Aliyeagiza jiko na seti ya sufuria hajui ni kipi kilichochelewa. "Kidogo" inaweza kuwa siku mbili au mwezi. "Sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ni maneno yanayoweza kubandikwa kwenye tatizo lolote, na mteja wa Tanzania ameyasikia mara nyingi mno, kuanzia kwenye tangazo la umeme hadi la maji, kiasi kwamba huyachukua kuwa ni njia ya kukataa kujibu. Hata ile samahani ina udhaifu wake: usumbufu "uliojitokeza" ni usumbufu usio na mwenyewe, kana kwamba umeota kama uyoga. Aliyeahidi Jumatano ni duka, na ni duka linalopaswa kutajwa katika sentensi ya radhi.

Kabla ya kuandika upya, mwenye duka anatakiwa kuifanyia hesabu tarehe mpya. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa sababu tarehe ya wakala huchukuliwa na kupewa mteja kama ilivyo. Wakala aliposema Ijumaa alikuwa anazungumzia lango la bandari. Kontena likitoka Ijumaa jioni, lori linahitaji kupakiwa na kusafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha, na likifika Jumapili hakuna wa kulishusha hadi Jumatatu. Majiko yanafunguliwa na kukaguliwa yasiwe yamevunjika vioo vya oveni au kubonyea. Siku ambayo duka linaweza kuisimamia, basi, ni Jumanne tarehe 24. Ni siku nne baada ya ile aliyoitaja wakala, na siku hizo nne ndizo zinazoliokoa duka lisiombe radhi mara ya pili. Ikiwa wakala mwenyewe hana uhakika na Ijumaa, ni afadhali kuandika siku ambayo duka litatoa taarifa nyingine, kwa mfano "tutakuandikia tena Ijumaa jioni", kuliko kubuni siku ya kuchukua jiko. Ahadi ya taarifa ni ndogo, lakini inatimizika.

Baada ya hesabu hiyo ujumbe unaweza kuwa hivi:

```
Habari (jina). Samahani sana: jiko lako halitafika Jumatano tarehe 18 kama tulivyoahidi. Liko bandarini Dar, ukaguzi haujaisha. Litakuwa dukani Jumanne 24 Juni saa 4 asubuhi. Ukipenda, tutakurudishia kianzio chako chote leo. Piga namba hii.
```

Salamu ni moja na fupi. Kuanza bila salamu kabisa, kwa msomaji wa Kiswahili, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Lakini kumuuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi kabla ya kumwambia kwamba jiko lake halipo kunamfanya ahisi anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Jina linaandikwa kama mteja anavyoitwa dukani: Mama fulani, Mzee fulani, Dada, Kaka. Kwa mtu mzima ambaye mwenye duka humwamkia wakikutana, "Shikamoo" inakaa vizuri mahali pa "Habari", na kuiacha kunaonekana. Zanzibar na Mombasa wengi wataanza na "Assalamu alaykum". "Ndugu mteja" inabaki kwa tangazo la kubandika mlangoni, ambako haijulikani nani atasoma.

"Halitafika" imeandikwa waziwazi. Wengi hukimbilia "huenda likachelewa" hata pale wanapojua kwa hakika, na mteja anayesoma "huenda" anajishikilia kwenye ile nafasi ndogo ya matumaini na kwenda dukani Jumatano. Maneno "kama tulivyoahidi" nayo yana kazi: yanakubali kwamba ahadi ilikuwepo na ni ya duka. Kuna wauzaji wanaoogopa kukiri hivyo, wakidhani mteja atakitumia kinywa chao dhidi yao. Mteja anayo risiti yenye tarehe. Hahitaji kukumbushwa, anahitaji kuona kwamba muuzaji naye anakumbuka.

Sababu imepewa sentensi moja tu na inatosha. Jiko liko wapi, na linasubiri nini. Bidhaa za kutoka nje hupita kwa Mamlaka ya Mapato kwa ajili ya ushuru, na nyingi hupita kwa Shirika la Viwango kwa ajili ya ubora. Mteja hahitaji kusimuliwa mlolongo huo wote. Akitaka zaidi atapiga simu. Jambo lisilovumilika ni sababu ya uongo. Kama kontena limekwama kwa sababu duka halijalipa ushuru kwa wakati, au oda ilipelekwa kiwandani ikiwa imechelewa, kuandika "bandari" ni kujitega. Mjini habari husafiri: dereva anajua, wakala anajua, na mwenye duka jirani aliyekuwa na mzigo kwenye meli hiyohiyo ameshauza wake. Sentensi "tulichelewa kuagiza" ni ngumu kuiandika, ila hakuna anayeweza kuikanusha, na mteja humsamehe haraka zaidi mtu aliyejitaja.

Hata sababu inayojulikana na dunia nzima haichukui nafasi ya tarehe. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za makontena kuacha njia ya Mfereji wa Suez na kuzunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Kwa muuzaji wa Afrika Mashariki anayeleta mazulia kutoka Uturuki au vipuri kutoka Ulaya, hiyo ilikuwa sababu ya kweli, nzito, na isiyo yake. Mteja wake aliielewa. Alichotaka bado ni kuambiwa zulia litafika kabla ya harusi au la.

Sentensi kuhusu kianzio ndiyo ambayo wenye maduka hupenda kuiacha, kwa hofu kwamba wote watadai pesa zao. Mteja anayesubiri jiko siku sita zaidi kwa kawaida bado analitaka. Alishalichagua na kulipia. Kinachomsukuma kudai pesa ni kutojua kama zitarudi. Akiona zinaweza kurudi leo, hana haja ya kukimbilia. Hata hivyo sentensi hiyo isiandikwe kama pesa haipo. Ikiwa vianzio vyote vimeshatumika kulipia kontena, andiko la kweli ni "tutakurudishia ndani ya siku tano" au siku zozote ambazo duka linaweza kuzisimamia. Ujumbe wa maandishi unabaki kwenye simu ya mteja, na ahadi ya pesa iliyovunjwa ni mzigo wa pili juu ya ule uliochelewa.

Urefu nao una sababu yake. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Mipaka hiyo ilitokana na kazi ya mhandisi wa Kijerumani, Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alipima sentensi za kawaida kwa taipureta na kuona nyingi zinaenea humo. Ujumbe ukipita 160 simu huugawa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Ujumbe wa jiko hapo juu una herufi kama 240, kwa hiyo unahesabiwa kuwa SMS mbili, gharama ambayo kwa wateja kumi na tano haina uzito wowote. Kwa anayetuma kwa mamia na anataka SMS moja tu, upo huu wenye herufi 156:

```
Samahani sana. Jiko lako halitafika Jumatano; liko bandarini Dar. Litakuwa dukani Jumanne 24 Juni saa 4 asubuhi. Ukitaka kianzio kirudi leo, piga namba hii.
```

Salamu imeondoka, na jina la duka halina nafasi. Inapasa namba inayotuma iwe ile ambayo mteja anaifahamu. Kuna mtego mmoja mdogo ambao hugharimu watu bila wao kujua. Herufi 160 ni kwa alama za kawaida tu. Ikiingia hata alama moja ya nje ya orodha hiyo, kama kijikatuni cha uso wenye huzuni, SMS nzima hushuka hadi herufi 70. Ritifaa iliyopinda, ambayo huja mtu anaponakili maandishi kutoka kwenye kompyuta, huleta matokeo hayohayo, na Kiswahili kina ritifaa katika maneno ya kila siku kama "ng'ambo". Ujumbe ulioandikwa upya kwa kidole kwenye simu, kwa ritifaa iliyonyooka, hauna tatizo hilo. Dalili ya kwamba alama ngeni imeingia ni kihesabio kilicho pembeni ya sehemu ya kuandikia: kikiruka ghafla kutoka SMS moja hadi tatu, ndiyo hiyo.

Kwa mteja asiyesoma Kiswahili, ujumbe huo unahitaji kuandikwa upya kwa Kiingereza kutokana na mambo yaleyale, wala si kugeuzwa neno kwa neno:

```
Hello (name). Your gas cooker will not be here on Wednesday 18 June as we promised, and we are sorry. It is still at Dar es Salaam port, waiting for inspection. It will be in our shop from 10 a.m. on Tuesday 24 June. If you would rather have your deposit back, call this number and we will refund it in full today.
```

Tofauti ya kwanza, na ya hatari zaidi, ni saa. Saa 4 asubuhi ya Kiswahili ni `10 a.m.` kwa Kiingereza. Anayetafsiri kwa haraka huandika 4, na mgeni anafika duka linapokaribia kufungwa, au anabaki akishangaa kwa nini aitwe alfajiri. Kosa hili hutokea pande zote mbili: mwenye duka aliyeanza na Kiingereza huandika "saa 10" kwenye Kiswahili, na Mama anafika saa kumi jioni. Njia rahisi ya kujikagua ni kuangalia mshale mrefu na mfupi wa saa ya ukutani kisha kuandika kila lugha peke yake, bila kuangalia ujumbe wa kwanza.

Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi. Wamarekani hutanguliza mwezi mbele ya siku, kwa hiyo 5/6 kwa msomaji wa Tanzania ni tarehe tano Juni, na kwa Mmarekani ni tarehe sita Mei. Kwa 24/6 hakuna wa kukosea, lakini mazoea hujengwa kwa tarehe zote. Jina la siku likiambatana na tarehe, kosa la moja hugunduliwa kwa nyingine. "Jumanne ijayo" haifai katika lugha yoyote kati ya hizi mbili, kwa kuwa anayeisoma siku ya Jumatatu hajui kama ni kesho au wiki inayofuata.

Jina la bidhaa linataka uangalifu pia. Jiko kwa Kiswahili ni chombo cha kupikia na ni chumba cha kupikia, na kamusi haitamwambia mwandishi achague lipi. Ndiyo maana wako wageni walioarifiwa kwamba vyumba vyao vya kupikia vimechelewa bandarini. Jina salama ni lile lililoandikwa kwenye boksi au kwenye risiti ya mteja. Kuhusu radhi yenyewe, Mwingereza hutumia neno lilelile moja kwa kumpa mtu pole na kwa kumwomba samahani, wakati Kiswahili kimeyatenga. Anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili akiandika "pole kwa kuchelewa kwa jiko" anasikika, hasa Tanzania, kama jirani anayemhurumia mteja, ilhali yeye ndiye aliyechelewesha.

Kiingereza cha ofisini cha Afrika Mashariki kina mapambo yake, ya kusihi kwa upole na ya kushukuru kwa uelewa ambao mteja bado hajauonyesha. Yaachwe. Msomaji mgeni huyaona ni ya barua ya benki, na sentensi ya wazi yenye tarehe humtosha. Pia hasubiri salamu ndefu. Jina lake na neno moja la kusalimia ni heshima kamili kwake.

Lugha mbili zisiwekwe kwenye ujumbe mmoja kwa mtu anayejulikana. Mteja apelekewe ile anayozungumza dukani, kwa kuwa nusu ya pili asiyoielewa inamrefushia tu SMS. Tangazo la mlangoni au la hali ya WhatsApp ndilo linalobeba zote mbili, Kiswahili juu, na kabla ya kubandikwa mtu mwingine anapaswa kusoma tarehe na saa za pande zote mbili kwa sauti.

Katika WhatsApp, orodha ya matangazo hupokea hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Mwenye duka anayeona tiki moja tu kwenye baadhi ya majina asidhani wamesoma. Hao wapelekewe SMS. Kuunda kundi jipya la "waliochelewa" ni kosa, kwani kila mteja ataona namba za wenzake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, kama Kenya ilivyo na yake tangu 2019. Zaidi ya sheria, kundi la watu kumi na tano wasiofahamiana ambao wote wanadai majiko hugeuka haraka kuwa baraza la malalamiko. Kwa mteja mwenye kianzio kikubwa, au mzee ambaye hasomi ujumbe, simu ya sauti itangulie na maandishi yafuate kama kumbukumbu.

Ikitokea tarehe 24 nayo imeshindikana, ujumbe wa pili haufanani na wa kwanza. Pesa hutangulia: kianzio kinaweza kurudi leo, ndipo ifuate habari kwamba anayependa kusubiri atapata jiko siku fulani. Radhi inabaki ileile fupi, kwani kuirefusha mara ya pili huonekana ni kulipia kwa maneno. Sababu ielezwe kwa undani zaidi kidogo, hasa kilichobadilika tangu ujumbe wa kwanza, kwa maana mteja sasa anapima kama duka linajua mzigo wake uko wapi.

Majiko yakifika kama ilivyoandikwa, kila mteja hupelekewa mstari mmoja: jiko limefika, njoo na risiti, salio ni kiasi fulani, duka linafungwa saa 12 jioni. Kwa mgeni saa hiyo huandikwa `6 p.m.`, na radhi haina haja ya kurudiwa.